Mama Bipu Aacha Simu Iite

Fundi wetu wa cherehani tulimwita Mama Bipu, maana akikupigia, simu iliita mara moja tu akakata, ili umpigie wewe. Ukimpigia, atakwambia gauni lako liko tayari. Alikopa salio asubuhi, akalipa jioni, kesho akakopa tena, huku akiimba na kukanyaga cherehani yake.

Siku hiyo hakuimba, alichekacheka tu peke yake. Binti yake aliyeolewa mbali alikuwa amejifungua, na saa kumi angempigia simu ya video amwone mjukuu wake wa kwanza. Mama Bipu akavuka barabara hadi kibandani kwa Dada Vocha, akanunua vocha ya elfu mbili apate intaneti. Akakwangua, akaingiza namba, akatazama.

"Sifuri! Wewe binti, umeniuzia karatasi?"

"Mama yangu, juzi usiku si ulikopa elfu mbili, na hujalipa bado?"

"Nilipewa elfu na mia saba!"

"Ndiyo. Mia tatu ni ada, wanaikata palepale. Ukiongeza salio, wanachukua elfu mbili yao yote kabla hujapumua."

"Basi nitakopa tena."

"Kopa. Utapewa elfu na mia saba, na vocha ya kesho italiwa kama hii. Juzi binti yako akiwa na uchungu, ulifanya vizuri. Usiku ule maduka yamefungwa, mia tatu si kitu. Lakini wewe hukopa hata kuuliza bei ya vifungo! Ukikopa siku sita za kazi, ada ni elfu na mia nane. Ongeza mia mbili, unapata bando la wiki nzima."

Mama Bipu aliguna. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Saa kumi kasoro.

"Mimi nashona matundu ya watu," akasema, "kumbe langu linavuja."

Akaondoa kidole. "Nigawie intaneti ya simu yako, mwanangu. Lile gauni lako linalokubana nitalipanua bure."

"Halinibani! Limesinyaa."

"Limesinyaa kiunoni tu?"

Walikuwa bado wanacheka simu ilipoita. Kwenye kioo akatokea mtu mdogo mwenye paji la uso lililokunjamana kama kitambaa kisichopigwa pasi. Akapiga chafya.

"Chafya ya babu yake hiyo!" Mama Bipu akapiga kelele hadi mteja wa vocha akaangusha chenji. "Mzee mzima kaja!"

Jioni mteja mmoja alichukua sare na kulipa. Kwa kuwa hakudaiwa tena, Mama Bipu akanunua bando la wiki, lenye dakika zake za kupiga, nalo likaingia zima.

Kesho yake asubuhi simu yangu ikaita, ni Mama Bipu. Nikangoja ikatike. Haikukatika. Nikapokea.

"Mama Bipu, kuna msiba?"

"Msiba wa nani? Gauni lako liko tayari. Njoo haraka ulivae, nimwoneshe mjukuu jinsi bibi yake anavyoshona. Nampigia video sasa hivi."