Tangazo la Maziwa Nililolikataa

Mimi mdomo wangu hauna breki, na karatasi yenye makosa huniwasha kama upupu. Ndiyo maana, tangu nistaafu ualimu, ofisi za hapa Isiolo huniletea matangazo ya Kiswahili niyakague kabla hayajachapishwa. Siku hizi mengi hutafsiriwa na chatboti. Inaandika haraka, sibishi. Lakini haijawahi kununua maziwa sokoni kwetu.

Jumanne moja afisa wa mradi wa mifugo aliniletea onyo kwa wafugaji na wauza maziwa. Ngamia walikuwa wagonjwa, wanadungwa dawa siku tatu mfululizo, na dawa hiyo huingia kwenye maziwa. Onyo la awali, la Kiingereza, lilisema wazi: usiuze wala usinywe maziwa hayo, yawe mabichi au yaliyochacha, mpaka siku saba zipite baada ya sindano ya mwisho.

"Mwalimu, hii ni ya kupitisha tu," akaniambia. "Mtu wa kuchapa ananingoja."

"Mwache angoje," nikamjibu, nikavaa miwani.

Alikuwa ameiomba chatboti Kiswahili cha Kenya, nayo ikaanza hivi: "Niaje wasee!" Nilicheka hadi machozi. Mzee ametoka Sericho na vumbi la safari nzima, halafu aambiwe niaje kama kijana wa stendi? Afisa akatabasamu kwa aibu, akatoa karatasi ya pili. Hiyo alikuwa ameomba iwe ya heshima.

Heshima ilikuwepo, tena ya kupitiliza: "Tunakuomba kwa unyenyekevu, ikiwezekana, ujaribu kuepuka kuuza maziwa au mtindi kwa siku saba baada ya ngamia kudungwa sindano." Nikakasirika kweli. Onyo lilikuwa limegeuka ombi la kukopa sukari! Na mtindi ni wa nani hapa? Sisi tunasema maziwa lala. Nikachora kwa kalamu nyekundu, nikadhani nimemaliza.

Ila nina desturi yangu, na siivunji kwa ajili ya mtu yeyote. Siweki sahihi kabla ya kumsomea mtu anayeandikiwa, kisha yeye aniambie kwa maneno yake atafanya nini. Nikamburuta afisa hadi kwa mama mmoja anayeuza maziwa ya ngamia wa kaka yake. Tulimkuta anaosha mitungi mitupu.

"Salaam aleikum, mama."

"Aleikum salaam, mwalimu. Karibuni."

Nikamsomea karatasi pamoja na marekebisho yangu, nikamuuliza ataanza kuuza lini. Akahesabu kwa vidole.

"Ngamia wetu walidungwa jana, leo wanadungwa, na kesho tena. Kutoka jana, siku saba. Jumanne ijayo niko hapa na maziwa, inshallah."

Moyo wangu ulishtuka. Alipaswa kungoja hadi Alhamisi, na maziwa yake hunywewa na watoto wa nusu ya mtaa. Neno "ya mwisho" lilikuwa limedondoka, na mimi na kalamu yangu nyekundu tulilipita tukijisifu.

"Lakini niliiambia ijikague," afisa akalalamika. "Ikasema iko sawa. Hata nikairudisha kwa Kiingereza, na 'ya mwisho' ilikuwepo!"

"Wewe! Kiingereza chako bado kilikuwa mbele yake kwenye mazungumzo hayohayo. Ilikurudishia chako. Fungua mazungumzo mapya, uipe Kiswahili peke yake ikigeuze Kiingereza."

Akafanya hivyo palepale kwenye simu. Sindano ilirudi, ya mwisho haikurudi. Akaniomba kalamu.

Tukaandika upya juu ya pipa la maji. Salamu kwa wazee na akina mama tuliiacha juu, kisha amri zikasimama wima: usiuze, usinywe, usimpe mtoto, hata maziwa lala. Hesabu siku saba baada ya sindano ya mwisho, si ya kwanza. Nikamsomea yule mama tena.

"Alhamisi," akasema. "Sasa mbona hamkusema hivyo tangu mwanzo?"

Hapo ndipo nilipoweka sahihi. Nilirudi nyumbani kifua mbele, nami sioni haya kusema hivyo.

Jumanne iliyofuata nilipita sokoni kununua nyanya. Nikamkuta afisa wangu amesimama mbele ya mama yule, chupa mkononi, anambembeleza. Mtoto wa afisa alikuwa amelilia maziwa ya ngamia asubuhi yote, na kaka wa yule mama alikuwa ameleta mtungi mmoja wa maziwa ya kulisha ndama tu.

"Kidogo tu, mama. Ni siku mbili tu zimebaki."

"Mwanangu, nenda," akamwambia, akifunika mtungi. "Mtoto wako simpi dawa ya ngamia. Rudi Alhamisi."

Afisa akaniona, akaficha chupa mgongoni. Mimi sikusema neno, na anayenijua anajua hilo si jambo dogo.