Jina Kwenye Stetimenti

Mongina, mchuma chai wa Boito, alikuwa na stetimenti yake ya kwanza ya benki. Chelimo, karani wa benki mjini Bomet, alimsaidia kuisoma mstari kwa mstari.

“Hizi thelathini na tano nani amechukua?”

“Ni ada ya ile siku ulitoa pesa kwa mashine, mama. Upande huu ni pesa zinazotoka, huu, zinazoingia. Ona mshahara wako.”

Kidole cha Mongina kikashuka, kikasimama kwenye elfu mbili zilizoingia.

“Hizi si zangu. Zirudishe.”

“Soma jina la aliyetuma.”

Akasoma polepole: Janefer Kebaso. Binti yake, aliyeajiriwa Kisii majuzi!

“Mtoto wangu amelipwa!” akaiambia foleni nzima, akicheka huku machozi yakimtoka.