Machungwa ya Mama Yaliyopimwa na Baba

Kazi ya baba ilikuwa kukataa mahindi. Wakubwa wake waliiita ukaguzi, lakini sisi nyumbani tulijua. Alisimama mlangoni pa ghala la nafaka mjini Kakamega, mkulima anashusha magunia, baba anatoa punje chache, anatia moja mdomoni na kuiuma. Isipolia ka! kama kijiti kikavu, alisema maneno mawili tu: "Haijakauka. Rudisha." Watu walitoka Mautuma na trekta la kukodi, wakarudi nalo na mzigo vilevile. Mashine ya kupima unyevu ilikuwapo lakini iliharibika, na hakuna aliyehangaika kuitengeneza, jino la baba lilitosha. Dada yake wa tumbo moja alirudishwa na magunia yake, akakaa Krismasi mbili bila kukanyaga kwetu. Kilichowaudhi watu zaidi ni kwamba hakuwahi kukosea.

Mama alikuwa mpishi kwa masista wa misheni. Kila Desemba masista walitaka mapambo ya machungwa, na mama ndiye aliyekuwa fundi. Alikata machungwa vipande vya mviringo, akavikausha, akavitunga pamoja na vijiti vya mdalasini, likawa shada refu la kuzungushia altare. Watu waliingia kanisani wakanusa, wakasema loo, masista wanajua mambo. Halafu fundi mwenyewe akaenda kukaa benchi la nyuma.

Alikaa nyuma kwa sababu hakuwa na ndoa ya kanisa. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamefika kwao zamani, watoto sita tulikuwa tumezaliwa, lakini pete hapana, na bila pete hakuna komunyo. Wenzake wakiinuka kwenda kupokea, yeye alisogeza magoti wapite, wakirudi akasogeza tena. Miaka ishirini na miwili ya kusogeza magoti. Kila mwaka padre alifungisha ndoa za wazee kwa pamoja, na kila mwaka baba alikuwa na sababu. Ukweli ni kwamba aliogopa kuchekwa. "Nivalishwe pete kama kijana, mbele ya watu niliowarudishia mahindi? Thubutu!"

Mwaka huo mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nasubiri kuitwa chuo, na mdomo wangu ulikuwa mkali kuliko akili. Mwishoni mwa Novemba katekista alikuja kwetu na kidaftari chake. Alikunywa chai, akatangaza kwamba ndoa za wazee zitafungwa Jumamosi ya mwisho ya mwaka, na kwa kuwa matangazo ya ndoa husomwa Jumapili tatu, majina alitaka kuyapata kabla ya Jumapili ya pili ya Desemba. Mama alikuwa uwanjani anapanga vipande vya machungwa kwenye wavu wa dirisha uliopigiliwa mbao nne. Mara hii hakuwa anawakaushia masista. Nilimuuliza asubuhi hiyo ni vya nani, akanijibu, "Ni vya mwenye navyo."

Baba alichungulia mlangoni, akauona ule wavu, akaliangalia wingu lililokuwa limekaa juu ya msitu kama kila alasiri. Akacheka.

"Katekista, andika. Siku hayo machungwa yatakapokauka kwa jua la Kakamega, siku hiyo nitavaa suti."

Ulikuwa mzaha. Katekista, ambaye Mungu alimnyima mzaha akampa mwandiko mzuri, aliandika.

"Na nani atasema yamekauka?" mama aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nani mwingine hapa anajua kukagua?" baba akasema, na hilo nalo likaandikwa.

Masista walikuwa na oveni. Jua likigoma, mama alimalizia humo, moto mdogo, mlango wazi kidogo. Nilimwambia avipeleke kule kwa siri. Alinitazama kama nimemwambia aibe sadaka. "Amesema jua," akanijibu.

Basi tukaanza. Machungwa yetu hayana ile rangi ya kwenye kalenda, ganda lake ni la kijani hata yakiiva. Mama aliyachagua magumu, akayakata unene wa penseli, akakandamiza kila kipande taratibu kwa kitambaa kikavu kunyonya maji. Wavu uliwekwa juu ya makopo manne yenye maji ili sisimizi wasipande, hewa ikapita chini. Juu tulitandaza pazia kuukuu la neti kwa ajili ya nzi na nyuki. Asubuhi tunageuza, mchana tunageuza, jua likilegea tunaingiza ndani kabla ya umande. Mdalasini ulitoka Mumias, kwa mwenye duka mmoja Mwislamu aliyemjulia mama hali kwa salamu ndefu kuliko biashara yenyewe. Ulikuwa umekaa dukani ukapata unyevu, nao tukauanika. Baba alipita kila asubuhi, akachomoa kijiti kimoja, akakitia kwenye chai yake. Mwanamume anakunywa harusi yake mwenyewe na bado anaulizia sukari!

Fungu la kwanza nililiua mimi. Siku ya nne niliachiwa kuviingiza ndani, nikaogopa mende, nikavirundika kwenye beseni na kufunika kwa karatasi ya nailoni, nikaikaza vizuri. Nilijiona mwerevu kweli. Asubuhi nailoni ilikuwa imetoa jasho, na siku moja baadaye vipande vilikuwa na manyoya ya kijivu. Baba alikuja, akainama, akanusa. "Haijakauka," akasema. "Rudisha."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama alivimwaga shimoni, kuku wakavikataa pia. Kisha akakaa kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza nikaona amechoka. "Mwanangu," akasema, "mimi sitaki sherehe. Nataka siku moja na mimi nipite." Nikalia, akaniambia niache kulia, niende sokoni kununua machungwa mengine.

Fungu la pili halikuwa na mchezo. Jua la wiki hiyo lilikuwa la kuonja tu, lakini vipande vilianza kujikunja pembeni, ganda likageuka kahawia kama tumbaku. Vikilala vilikuwa vibaya kutazama, ukiinua kimoja juani kinawaka kama kioo cha dirisha la kanisa. Baba aliendelea kupita na kubonyeza kwa kidole gumba, kikinata anatikisa kichwa kwa furaha. Ikafika Jumamosi, siku ya mwisho, jioni katekista anakuja, na katikati ya vipande bado palikuwa na unyevu.

Sasa ujue jambo moja la kwetu. Mvua ikija, huulizi kilichoanikwa ni cha nani. Jirani yetu wa upande wa chini hakuwa akisema na mama tangu ng'ombe wetu ale sukuma wiki zake, lakini mvua ikitukuta mbali, yeye ndiye aliyekimbia kuanua mahindi yetu, akayatupa mlangoni, akarudi kwake kuendelea kununa. Asiyeanua cha mwenzake mvua ikinyesha, huyo si mtu.

Siku hiyo jirani alikuwa matangani Butere. Mama na mimi tulikuwa tumepeleka mahindi ya unga wa obusuma, ugali wetu, mashineni, baba amebaki nyumbani baada ya zamu yake ya nusu siku. Mvua haikupiga hodi. Ilianguka na mawe yake, tukajibanza chini ya paa la duka, mama akatazama njia mara moja, akanitupia debe la unga, akakimbia. Mama yangu, mwili wote ule, kwenye tope! Nikamfuata, nikiandaa maneno ya kumwambia baba. Nilijua amekaa kwenye kiti chake anaiangalia mvua ikimfanyia kazi. Matusi niliyoyapanga njiani yalikuwa ya kiwango cha juu, mengine nilibuni palepale.

Wavu ulikuwa mtupu. Mama alisimama mbele yake, maji yakimtiririka usoni.

Tukaingia ndani. Vipande vilikuwa chumbani kwao, juu ya kitanda. Baba alikuwa amelowa chapachapa, shati limemganda mgongoni, mvua ya mawe imemchora nundu kwenye upara. Alikuwa amepiga magoti akivipanga juu ya shuka safi, kimoja kimoja, visigusane. Mdalasini ulikuwa kwenye mto. Alipotuona aliruka kama aliyekamatwa na kuku wa mtu.

"Nilifikiri ni mahindi," akasema.

Mama aligeuka polepole, akatazama nje kupitia mlango. Mahindi yetu, gunia zima lililokuwa limeanikwa kwenye turubai hatua nne kutoka ule wavu, yalikuwa yanaogelea. Mkaguzi wa nafaka aliyapita mara ngapi, kwenda na kurudi, Mungu anajua. Sote watatu tuliyatazama.

Katekista alifika na mwavuli, kwa saa yake ileile. Alifungua kidaftari, akasoma maneno ya baba kama anasoma Injili, akauliza, "Je, yamekauka?"

Baba alichukua kipande cha karibu. Akakibonyeza katikati kwa kidole gumba. Mimi nilikuwa nimesimama kando yake na niliona: alipoinua kidole, kipande kiliinuka nacho. Kilinata. Mtu aliyemrudisha dada yake na magunia, mtu ambaye hakuwahi kupitisha punje moja mbichi, alikitazama kile kipande kinavyoning'inia, akaingiza mkono mzima mfukoni.

"Yamekauka," akasema. "Andika."

Katekista akaandika, akafunga, akaaga. Nilikuwa na matusi yangu yote mdomoni na pa kuyaweka sina. Mama alimsindikiza mgeni hadi langoni, akarudi, akanyoosha mkono mbele ya baba.

"Hebu nipe hicho cha mfukoni. Bado siku mbili."

"Tatu," baba akasema. "Kwa jua hili, tatu."

Zikawa tatu kweli. Baba mwenyewe alivigeuza, asubuhi na mchana. Mama akavitunga kwa sindano ya gunia na uzi wa katani, kila baada ya vipande vichache akafunga vijiti vya mdalasini vilivyonusurika na chai ya baba. Harusi ilifungwa pamoja na wazee wengine. Suti ilimbana baba kwapani, na ndiyo, walimcheka, wakulima wa Mautuma walikuja kwa ajili hiyo hasa. Mmoja alipaza sauti, "Amekauka huyo? Mpimeni!" Baba akacheka naye.

Lakini siku ninayoikumbuka ni Jumapili iliyofuata. Mama, kwa mazoea, alienda moja kwa moja benchi la nyuma, nami nikakaa karibu yake, upande wa njia. Ulipofika wakati wa komunyo watu walianza kuinuka. Mimi sikuweza kwenda. Yale niliyomtukana baba moyoni njia nzima siku ile ya mvua nilikuwa bado sijayaungama, hayakuwa matusi ya kumeza hivihivi. Mama akasimama, akanyoosha leso yake. Nikasogeza magoti, apite.