Mkunga Aliyepasuliwa kwa Heshima

Katika miaka ile ya sitini, hakuna mtu hapa Amu, yaani Lamu, aliyejali mkunga wa mtoni, yule samaki mrefu kama nyoka, huzaliwa wapi. Mimi mwalimu nilijali. Wayunani wa kale walidai kwamba huzuka matopeni, kwa kuwa hakuna aliyepata kumwona na mayai. Wataalamu wa karne za baadaye walipasua wengi bila kuyapata, kisha wakagundua kwamba vijisamaki vya baharini vilivyo bapa kama jani na vyenye kupenyeka kwa nuru, ambavyo walivihesabu kuwa jamii nyingine, ndio watoto wake, wanaochukuliwa na mikondo hadi kwenye midomo ya mito. Baada ya miaka mingi mtoni jike huacha kula, utumbo ukasinyaa, macho yakapanuka, tumbo likang'aa kama fedha. Hushuka baharini asirudi. Kwa wakunga wa pande zetu ilikisiwa kwamba huzalia mbali, mashariki ya Bukini, yaani Madagaska. Hakuna aliyeshuhudia.

Mtafiti mmoja kutoka Nairobi alifika akitafuta mkunga wa Mto Tana aliyekwisha kuingia maji ya chumvi, ili autazame utumbo wake na mayai machanga. Kazi ya kuwaarifu wavuvi ilikuwa yangu.

Baada ya mvua kubwa, mvuvi wa kisiwa cha Manda alimpata katika mtego wake wa dema. Alimtambua mara moja kwa mapezi mawili nyuma ya kichwa, ambayo mkunga wa mwambani hana. Akampeleka nyumbani, na mkewe akamtendea kama atendewavyo samaki wa mgeni: akampasua, akatoa matumbo yote, akamsugua kwa jivu, akamfunika kwa kawa.

Tulipoitwa nyumbani kwao, mtafiti alifunua kawa, akawaita wajinga, mume na mke, na kuniamuru nitafsiri. Sikutafsiri. Mke wa mvuvi alielewa hata hivyo.

"Bwana mwalimu," alinambia mimi, si yeye, "mgeni wako ningempa samaki na matumbo yake?"

Matumbo nilijua yanatakiwa. Sikuwa nimemwambia mtu. Nimezaliwa katika mji huu, nimekula samaki wa wageni tangu utotoni, na bado sikulifikiria. Hasira yangu juu ya nafsi yangu haijapoa.

Lakini kichwa kilibaki, na yale macho makubwa, na ngozi ya tumbo iliyong'aa kama fedha. Nilimsihi mtafiti avitie katika chupa ya dawa, kwani vilikuwa ushahidi. Akasema nusu ya samaki si elimu, akawatupia paka. Katika ripoti yake aliandika kwamba wavuvi wa Lamu hawamjui mkunga wa mtoni. Aliandika hivyo juu ya mtu aliyemtambua kwa mapezi yake!

Mwaka uliofuata mvuvi yule alinasa mwingine. Walimla, yeye na mkewe, na mimi niliambiwa baada ya wiki mbili.