Nambari Alizoziruka Mpimaji

Mpimaji wa ofisi yetu alikuwa na maringo, na mimi, karani wa ramani, niliyavumilia miaka kumi na miwili. Angeweka kidole kwenye kontua, ile mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, aseme, "Ikibanana, mteremko mkali. Ikiachana, tambarare. Nambari ni za wanafunzi." Tulimwita Bwana Macho, naye akadhani tunamsifu.

Asubuhi ile mvua ilikuwa haijakatika tangu juzi. Aliniagiza ramani asilia ya upande wa kaskazini, apange kalavati mpya za kupitishia maji chini ya barabara. Huko ndiko mdogo wake alikojenga mwaka jana, akaishi na mama yao. Kiwanja hicho mpimaji ndiye aliyemchagulia, kwa nakala ya ramani iliyofifia, bila hata kuinuka kitini. Alimhakikishia yuko kwenye mgongo wa kilima, maji yatagawanyika pande mbili. Mganga hajigangi.

Nilipoitandaza ramani mezani, nikamwona ameinama. Pale penye nyumba ya mdogo wake kontua zilijikunja kama herufi V. Kidole chake kikafuata nambari, polepole: 1,420, 1,440, 1,460. Ncha za V zilielekea kwenye nambari kubwa. Hata mimi najua: ncha ikielekea juu, hilo ni bonde, ikielekea chini, ndio mgongo. Na juu ya nyumba mistari ilibanana hadi ikakaribia kugusana. Maji ya mlima mzima yangeshukia pale, tena kwa kasi.

Akainyakua simu mezani. Niliogopa, maana sikuwahi kumwona na haraka hivyo.

Akampigia mdogo wake, spika ikiwa wazi. Mdogo wake akacheka.

"Kaka, tulia. Si ulisema mwenyewe hapa maji hayafiki? Watu wanahama, mimi nimemwambia hata jirani wa chini abaki. Kaka yangu mpimaji bwana!"

Mpimaji akamkatiza. "Mdogo wangu, nilikosea."

"Umekosea nini?"

"Sikusoma nambari. Mbebe mama, tokeni sasa hivi. Msishuke na barabara, inafuata bonde. Katisheni mkono wa kulia, mpande mpaka kwenye tangi la maji. Mgongo uko huko."

"Kaka, kuna kitu kinanguruma..."

Simu ikakatika. Akapiga tena na tena, haikupatikana. Nikashindwa hata kukaa. Yeye alilikodolea tu macho dirisha, mvua ikipiga vioo.

Ilipita saa nzima ndipo simu ikaita.

"Tuko tangini. Mama mzima, analia tu. Nyumba haipo, kaka."

"Alhamdulillahi," nikasema. Mpimaji akaisogelea simu. Alikuwa anasubiri.

"Na jirani wa chini?"

"Nilimpigia kelele. Akaniambia, si ulisema kaka yako ni mpimaji? Kaka, sijamwona tena."

Mpimaji akaiweka simu juu ya ramani. Akaanza kusoma nambari kwa sauti, moja moja, kutoka juu ya mlima kushuka. Alipofika mwisho akarudia mwanzo. Sikuthubutu kumnyamazisha.