Nusu ya Walichotaka

Miaka ile ya vita, Kisangani ilikuwa kama mji unaoota. Meli za Kinshasa hazikuja tena. Asubuhi ukungu ulikaa juu ya mto hadi jua lipande, na watu walitembea ndani yake polepole, kama wasiokuwa na pa kwenda.

Mimi, mwanamke asiye na kazi, nilikuwa miongoni mwao. Nilikuwa nimefanya kazi miaka mingi katika depo ya dawa ya tonton, mjomba wangu, mfanyabiashara kutoka Butembo, hadi wanajeshi walipoipora na yeye akarudi kwao. Nikabaki kwa dada yangu mkubwa katika mtaa wa Tshopo, ambako maporomoko ya maji yalinguruma mchana kutwa.

Siku moja nilikuta watu wamesimama kwenye lango la shirika moja la misaada, wanasoma tangazo la kazi. Shirika lilitafuta msimamizi wa ghala la dawa. Nikajipenyeza mbele, kisha nikasoma masharti. Stashahada ya famasia au uzoefu unaolingana nayo. Uzoefu wa kutunza stoku. Kifaransa, Kiswahili na Lingala. Utayari wa kusafiri hadi Ubundu. Mpaka hapo nilikuwa bado nimesimama wima. Halafu kompyuta, pikipiki, kazi ya awali katika shirika la kimataifa, Kiingereza. Nilinakili yote kwenye karatasi na kuondoka, nikijiambia kwamba mimi ni nusu tu ya mtu wanayemtaka.

Dada yangu alisikiliza huku akitwanga sombe, yale majani ya muhogo. Akasema nisijiaibishe, wenye digrii wamejaa mji mzima wanauza mafuta ya taa kwa chupa. Binamu yetu akanishauri niandike tu kwamba najua kompyuta. Kujua kwenyewe kutakuja. Wazo hilo lilinivuta kwa muda. Kisha nikajiona nimeketishwa mbele ya mashine hiyo, nisijue hata inawashwa wapi.

Mzee mmoja, jirani yetu, alikuwa ameajiri watu miaka mingi katika kiwanda cha nguo, kabla hakijasimama. Nilimpelekea karatasi yangu. Hakuanza na masharti. Aliniuliza mtu huyo atafanya kazi gani kila siku. Nikamweleza: kupokea makatoni, kujaza kadi za stoku, kutoa kwanza dawa ambayo muda wake unakaribia kuisha, kuhesabu upya kila mwezi.

“Hiyo kazi ulishaifanya?” akauliza.

“Ndiyo, papa. Yote.”

Akaniomba nimsomee tena mistari iliyonitisha, neno kwa neno. Ndipo nikaona kwamba Kiingereza na shirika la kimataifa viliandikwa kuwa ni “atout”, yaani nyongeza inayosaidia. Kompyuta na pikipiki zilitakiwa kweli.

“Sisi vilevile tuliandika hivyo,” akasema. “Tunaandika mutu tunayemuota, halafu tunaajiri mwenye amekuja. Kama kazi yenyewe ungekuwa huijui, ningekuambia uache. Lakini usiandike uongo.”

Niliandika barua ya maombi mchana ule, barazani. Nilianza na depo, nikaeleza nilivyotunza dawa zinazohitaji baridi wakati umeme unakatika. Kisha nikaandika kwamba sijawahi kutumia kompyuta wala kuendesha pikipiki, na kwamba niko tayari kujifunza. Sentensi hiyo niliitazama kwa muda mrefu. Nikaiacha ibaki.

Waliniita kwa mtihani. Walitupatia waombaji kadi za stoku zenye makosa tuzisahihishe, na mikono yangu ikakumbuka kabla ya kichwa. Baadaye mama mmoja mfamasia, ambaye ndiye angekuwa mkuu wangu, aliniuliza kwa nini nimeomba ilhali masharti sijayatimiza yote. Nikamjibu kwamba nimetimiza yale ambayo bila hayo dawa zingeharibika.

Hakutabasamu. Akatazama dirishani, upande wa mto, akasema kwa sauti ya chini, “Wenye yote wako ng’ambo ya pili ya vita. Hawawezi kufika.”

Sikujua kama hiyo ilikuwa sifa au huzuni. Nilitoka nikiwa mwepesi kama mtu aliyetoka katika homa, na siku zilizofuata nilizipita bila kuzigusa. Kisha wakanipa kazi, kwanza kwa miezi mitatu ya majaribio. Binti mmoja wa ofisini angenifundisha kompyuta wakati wa mapumziko ya mchana. Kuhusu pikipiki, mkuu wangu alisema madereva wapo.

Asubuhi ya kwanza ya kazi dada yangu alipiga pasi blauzi yake ya kanisani, akanivalisha mwenyewe, kifungo baada ya kifungo, kisha akanisindikiza hadi barabarani.