Tanzia ya Rafiki Asiyetajwa

Mashavu, fundi cherehani wa Manundu, alipata habari siku ya tisa ya msiba. Resian, rafiki yake tangu darasa la kwanza kule Kwedizinga, alikuwa amekwisha kuzikwa, na hakuna aliyekumbuka kumpigia simu yeye, Mzigua wa Korogwe. Kuuguza hakuuguza, kuzika hakuzika. Alichobaki nacho mkononi ni simu.

Basi adhuhuri ile alifunga kibanda, akafungua akaunti yake ya Facebook. Akachagua picha waliyopiga pamoja stendi ya Handeni mwaka juzi, akaweka chapisho lionekane na watu wote, akamtagi marehemu. Hakuandika kwamba Resian alikuwa mcheshi na mkarimu, maana hayo huandikiwa hata wezi wakifa. Aliandika siku moja tu.

“Tulikuwa darasa la tano, mwezi wa Ramadhani, na mimi ndiyo nafunga mara ya kwanza. Resian ni Mmasai, hana funga wala futari. Alikuja shule na kibuyu chake cha maziwa kama kawaida. Mchana akaniona nimelalia dawati, akauliza, ‘Huli mpaka saa ngapi?’ Nikamwambia mpaka jua lizame. Akakiziba kibuyu. Tukashinda wote na njaa, tukatembea wote mpaka kwetu, na adhana ilipolia akanipa mimi nianze kunywa. Huyo ndiye Resian. Ametangulia, na mimi sikumzika.”

Kufika jioni watu mia mbili walikuwa wamelipenda chapisho, na maoni yamepita sitini. Waliosoma nao walileta visa vyao, kila mmoja akimtaja Resian kwa jina. Mashavu alilia, na kwa mara ya kwanza kilio kilimpa nafuu.

Asubuhi yake akapiga simu Kuntai, mdogo wake Resian.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba, mdogo wangu. Poleni na msiba.”

“Tumeshapoa. Dada, lile jina. Jirani alimsomea mama chapisho lako kwa sauti, mama akaziba masikio. Tangu jana hajatia kitu mdomoni. Kwetu aliyeondoka hatajwi. Wewe si unajua?”

Alijua! Hilo ndilo lililomchoma. Utotoni aliwahi kuona boma zima likimbadili mtoto jina kwa sababu babu mwenye jina lile amefariki. Alijua, akasahau, kwa kuwa kwao marehemu hutajwa kwenye hitima mpaka koo zikauke. Kila mwamba ngozi huvutia kwake, na yeye alivutia kwake kwenye msiba wa watu.

Akaomba radhi. Akabonyeza vile vidoti vitatu vya juu ya chapisho, akahariri, akafuta jina, akaondoa tagi. Maoni yenye jina akayafuta moja moja, hata ya mwalimu wao. Baada ya saa moja Kuntai akapiga tena, sauti imejaa aibu.

“Dada, bado lipo. Mtu akibonyeza historia ya mabadiliko anaona ulivyoandika mwanzo.”

Kweli, lilikuwepo. Ikabaki njia moja, kufuta chapisho zima, pamoja na visa vya watu vilivyomo. Akalitupa kwenye pipa la taka la akaunti. Humo hukaa siku thelathini, mwenyewe tu akiliona, kisha hupotea kabisa. Kidole kilimwasha alirudishe, lakini akamfikiria yule mama anayeshinda na njaa, akajizuia.

Akaandika upya. Picha hakuweka. Palipokuwa na jina akaandika “rafiki yangu”, na maneno ya Mmasai asiye na funga akayaondoa. Kifo pia hakukitaja, maana wangeuliza nani kafa, na jina lingerudi kwenye maoni. Ikabaki njaa, kibuyu na adhana.

Saa mbili zikapita. Kisha akatokea Swaumu, aliyekuwa akikaa dawati la nyuma yao na sasa ana duka Handeni mjini; chapisho la kwanza hakuliona.

“Mashavu jamani, umeniliza! Kumbe hujasahau tulivyofunga wote! Nakupenda rafiki yangu.”

Swaumu! Siku ile Mashavu alimwona kwa macho yake mawili akila muhogo nyuma ya darasa. Lakini watu, ambao nao hawakuliona lile la kwanza, walishaanza kumiminika chini ya maneno yake: urafiki ndiyo huu, hongera Swaumu, Mungu awazidishie.

Mashavu akaandika, “Si wewe.”

Jibu likaja papo hapo. “Basi nani?”

Alilitazama swali lile mpaka mteja wa gauni akachoka kusubiri, akaondoka. Wengine nao wakaanza kuuliza: nani, Mashavu, tutajie. Akafuta lile jibu lake. Kisha akamwandikia Swaumu, “Nakutania tu. Nakupenda pia, rafiki yangu.”